Usimeze Sipro Kabla Damu Haijafika Maabara

Wasee, nipigeni hesabu. Ni wangapi hapa mmeshawahi kuambiwa mna taifodi? Na ni wangapi mmeambiwa zaidi ya mara moja? Kwetu Umoja, ukiuliza plot nzima, utadhani hakuna ugonjwa mwingine. Mtu anaumwa tumbo, anaingia kliniki ya mtaani, anadungwa kidole, dakika kumi anatoka na karatasi imeandikwa taifodi na pakiti ya sipro mkononi.

Mimi sio daktari. Lakini mwaka jana nilikaa na binamu yangu siku zote alizougua, na nikauliza maswali mpaka watu wa maabara wakanizoea. Maoni yangu ni moja: tatizo letu sio kukosa dawa, ni kumeza dawa kabla ya kipimo kinachofaa.

Ilikuwa hivi. Siku ya kwanza alishikwa na kichwa na joto kidogo jioni. Siku ya tatu joto lilikuwa linapanda kila jioni kuliko jana yake, tumbo linauma, na choo kimekataa. Siku ya sita hakuweza kupanda ngazi za kwao bila kukaa katikati. Akaenda kliniki, akapimwa Widal. Majibu yakaja 1:160. "Ni taifodi," akaambiwa. Akapewa tembe za sipro, asubuhi moja na jioni moja.

Hiyo Widal ni kipimo cha mwaka 1896, kimepewa jina la daktari Mfaransa aliyekibuni. Hakitafuti bakteria wa taifodi. Kinatafuta kingamwili, yaani askari ambao mwili wako hutengeneza ukikutana na adui. Wanachanganya majimaji ya damu yako na bakteria waliokufa, kisha wanaangalia kama vinagandana. Ile 1:160 inamaanisha kwamba majimaji yako yaliongezwa maji mpaka yakabaki sehemu moja kwa mia na sitini, na bado yakagandisha.

Shida ni kwamba askari hawaondoki vita vikiisha. Kama uliugua taifodi miezi kadhaa iliyopita, bado wapo. Kama ulichanjwa, wanaweza kuwepo. Ukikutana na bakteria wengine wa familia hiyo ya salmonela, au hata ukiwa na malaria, kipimo kinaweza kusema ndiyo. Na sisi tunaoishi mahali ambapo maji ya bomba na ya mtaro yanajuana, wengi tuna hao askari tukiwa wazima kabisa. Ili Widal iwe na maana, inafaa upimwe mara mbili, siku kama kumi hadi kumi na nne zikiwa katikati, ionekane namba imepanda mara nne. Nani ameshawahi kuitwa tena kwa kipimo cha pili? Si mimi.

Kipimo kinachomtafuta bakteria mwenyewe kinaitwa blad kalcha, yaani kuotesha damu. Hapa hakuna kudungwa kidole. Mtu mzima hutolewa damu mkononi, mililita nane hadi kumi hivi, ikaingia kwenye chupa yenye chakula cha bakteria, ikawekwa kwenye joto kama la mwili. Wakiota, maabara inawatambua kwa jina na kisha inawajaribu na dawa moja moja ionekane ipi inawaua. Majibu yanaweza kuchukua siku mbili hadi tano, saa zingine zaidi.

Mbona damu nyingi hivyo? Kwa sababu kwenye taifodi bakteria walio kwenye damu ni wachache mno. Mara nyingi ni mmoja tu kwa mililita, au hata chini ya hapo. Wengi wamejificha ndani ya ini, bandama na uboho wa mifupa. Sasa fikiria ukimeza sipro siku mbili. Wale wachache wa kwenye damu wanakufa au wanadhoofika, wale wa mafichoni wanabaki. Chupa haioteshi kitu, lakini ugonjwa bado uko.

Hapo ndipo binamu yangu alinaswa. Siku ya nane joto lilikuwa bado 39, akaanza kutapika. Tukampeleka hospitali kubwa. Daktari akachukua ile pakiti, akaigeuza.

"Umemeza ngapi?"

"Nne, daktari."

"Na kabla ya hizo, ulitolewa damu ya kuotesha?"

"Hapana. Kidole tu."

Daktari akashusha pumzi. Akaagiza kipimo cha malaria, na damu ikatolewa ya kuotesha hata hivyo. Malaria haikuwepo. Chupa ilikaa siku tano bila kuota chochote. "Dawa yako imemficha mshukiwa na haijamshika," akatuambia. Kwa hivyo akatibiwa kwa kukisia, sindano za seftriaksoni, wodini siku sita. Joto lilianza kushuka siku ya nne. Alipona, lakini mpaka leo hakuna anayejua kama ilikuwa taifodi iliyozoea sipro, au ugonjwa mwingine kabisa. Kazi ya dukani ilikuwa imeshapewa mtu mwingine.

Na hili la kuzoea dawa sio porojo. Hapa Kenya bakteria wa taifodi wengi wameshazizoea dawa za zamani kama ampisilini na kloramfenikoli, na sipro nayo inaendelea kupoteza nguvu. Bila kuotesha, daktari hana njia ya kujua wako ni wa aina gani.

Lazima niseme ukweli wa upande wa pili. Kuotesha damu hakuko kila mahali, ni ghali kuliko Widal, na hata mtu asiyemeza dawa, huwa inawakosa wagonjwa karibu wanne kati ya kumi. Kwa hivyo jibu la "hakuna" halimaanishi moja kwa moja huna. Lakini likiwa "ndiyo", umepata jina la adui na dawa yake. Widal haiwezi kukupa hilo.

Pia sisemi ukae nyumbani ukingoja chupa. Mtu akiwa hali mbaya, damu inatolewa kwanza, dawa inaanza saa hiyo hiyo, na majibu yakija daktari anabadilisha kama kuna haja. Kinachojalisha ni mpangilio: damu, halafu dawa. Tofauti ni dakika chache tu.

Kwa hivyo homa ikifika siku ya tatu na haishuki, hasa ikiwa na tumbo na uchovu, enda mahali penye maabara. Omba kipimo cha malaria, kisha uliza hivi: "Daktari, mnaweza kunitoa damu ya kuotesha kabla sijaanza antibayotiki?" Kama hawana, uliza ni wapi karibu wanayo. Kama umeshameza kitu, hata tembe moja ya jirani, kitaje na ubebe pakiti. Na ukishaandikiwa dozi na daktari, imalize hata joto likiisha.

Ikiwa tumbo limeuma ghafla kwa nguvu na limekuwa gumu kama ubao, choo kina damu au ni cheusi kama lami, au mgonjwa anaongea vitu havieleweki, hiyo si ya kesho. Taifodi ikikaa, kawaida kuanzia wiki ya tatu, inaweza kutoboa utumbo. Tafuteni gari usiku huo huo.