Daftari la Konda
Konda wa daladala ninayopanda kwenda chuo ana daftari la matokeo ya ligi: kushoto mechi za nyumbani, kulia za ugenini. Ijumaa moja kinara alikuwa na pointi 31, anayemfuata 29.

"Huyu ugenini anatoa sare tu. Mwandikie 32. Wa pili yuko kwake, hafungwi pale: 32. Ana mabao mengi, anakaa juu."

Jumatatu msimamo ukasoma hivyo hivyo. Kinachomvuruga ni viporo; timu yenye viporo viwili huizungushia duara, maana nafasi yake bado si ya kweli.

Mbona habeti? Dereva wake hubeti, na hesabu ya tajiri imeshapungua mara mbili.

"Dada'angu, nikiweka hela nitaanza kuipenda timu."