Kwa nini damu ya baba haikumfaa mtoto

Jamani, mgonjwa akihitaji damu, swali linalochoma familia zaidi si la ukimwi. Ni hili: "Kama mtoto ni wangu, mbona damu zetu hazilingani?"

Nililisikia Rumonge, kwa familia iliyovuka ziwa kutoka upande wa Baraka. Mtoto wao, kilo 10, alikuwa na malaria kali, viganja vyeupe, anapumua kwa shida. Kipimo cha wingi wa damu kilitoa 4.5, na mtoto mzima huwa na 11 kwenda juu. Daktari akasema aongezewe damu leo leo. Mimi nilikuwa natafsiri.

Baba akakunja shati: "Chukueni yangu." Wakapima. Baba B, mama A, mtoto O. Baba akanyamaza, akamtazama mkewe vibaya, na wadogo zake wakaanza kunong'ona.

Nikachukua kijiti, nikachora chini. Baba, kila mtu anabeba herufi mbili za damu, moja kutoka kwa baba, moja kwa mama. O inajificha. Ikikaa na B, kipimo kinaonyesha B tu. Wewe una B na O iliyojificha, mama ana A na O. Mtoto akipata O yako na O ya mama, anakuwa O. Wakizaliwa wengine, nyumba hiyo hiyo inaweza kuwa na A, B, AB na O.

Sasa mbona B haimfai? Mwili wa mwenye O una askari wanaopiga A na B. Wakizikuta wanapasua chembe za damu, mgonjwa anatetemeka, mgongo unauma, mkojo unakuwa mweusi. Ndiyo maana maabara inachanganya kwanza damu kidogo ya mfuko na maji ya damu ya mgonjwa. Zikishikana mabonge, mfuko haumwendei.

Bibi naye akauliza kama damu ya mtu asiyemjua itambadilisha mjukuu tabia, au kabila. Hapana, bibi. Chembe hizo zinabeba hewa tu, na baada ya miezi michache zote zimekufa, mifupa yake imetengeneza nyingine.

Ukimwi pia uliulizwa. Damu inapimwa ukimwi, homa ya ini B na C, na kaswende. Sikusema hatari haipo kabisa, maana aliyeambukizwa siku chache tu zilizopita anaweza asionekane kwenye kipimo. Hiyo ni nadra. Mtoto kufa kwa kukosa damu kulikuwa karibu zaidi.

Baba akaweka kidole kwenye karatasi. Mililita 200 za O ziliingia polepole, ndani ya saa nne. Mama aliambiwa amwangalie sana dakika 15 za mwanzo: akitetemeka, akiwashwa au pumzi ikizidi kubana, aite nesi afunge mpira mara moja.

Jioni mtoto akaomba uji. Baba akaniita nichore tena ile michoro, safari hii mbele ya wadogo zake.