Haramia wa Siku ya Vitabu

Mwezi Machi mwanangu alirudi na barua ya shule: Siku ya Vitabu, kila mtoto avae kama mhusika anayempenda. Akataka kuwa haramia. Nikamshonea kizibao, nikamnunulia upanga wa plastiki. Mama yangu, aliyekuja kutoka Mombasa kututembelea, akamtazama na kuuliza, "Huyu si mwizi wa baharini? Anafurahiwa kwa lipi?"

"Bibi, maharamia wana sheria zao," mtoto akajibu. "Hawawaonei wanyonge."

Sheria kweli zilikuwepo. Zile za nahodha Bartholomew Roberts zilichapishwa London mwaka 1724: kila baharia ana kura, taa zizimwe saa mbili usiku, aliyepoteza kiungo vitani alipwe dola 800. Ukizisoma kwa makini utaona ni mkataba wa kazi. Mabaharia wa siku zile walichapwa na kunyimwa mishahara, basi wakajiwekea wao kwa wao masharti ya kugawana. Aliyeporwa hakuwa na kura humo.

Nikawasimulia habari za Henry Every, kwa kuwa yake yalitokea katika bahari yetu hii. Mwaka 1694 yeye na wenzake waliiteka meli waliyoajiriwa, wakiwa bandarini Hispania, baada ya kukaa miezi bila mshahara. Hapo hata mama alitikisa kichwa kwa huruma. Mwaka uliofuata waliivamia Ganj-i-Sawai, meli ya mfalme Aurangzeb wa India, ikirudi Surat na mahujaji kutoka Makka. Mzinga mmoja wa meli ile ulipasuka ukaua watu wake wenyewe, na ulinzi ukavunjika. Kwa siku kadhaa maharamia waliwatesa abiria waseme mali ilipofichwa, wakawanajisi wanawake. Baadhi ya wanawake walijirusha baharini. (Kwa mtoto nilisema tu kwamba waliwaumiza watu.)

Watano walinyongwa London mwaka 1696. Every hakupatikana, na pengo hilo ndilo waandishi walilolijaza. Mwaka 1709 kikatoka kijitabu kikimfanya mfalme wa Madagaska, aliyemwoa kwa mapenzi binti wa ukoo wa Aurangzeb aliyekuwa melini. Miaka michache baadaye akawekwa jukwaani. Mwaka 1814 Byron akatunga utenzi wa haramia mwenye huzuni, mkatili kwa maadui lakini mwaminifu kwa mkewe. Nakala 10,000 ziliuzwa siku ya kwanza. Haramia wa sinema ni mjukuu wa huyo.

Mama alinyamaza kitambo. Kisha akasema, "Wametoka kuhiji, masikini."

Asubuhi mwanangu alikwenda shule na kizibao chake, ila upanga aliuacha. Jioni akaniuliza wale abiria waliitwa nani. Majina ya walionyongwa ninayo, yamo katika kumbukumbu za kesi. La abiria sikuwa nalo hata moja.