Mwalimu, Naomba Uamuzi

Mimi ni meneja wa mradi mdogo wa maji nje ya Mutomo, Kitui Kusini. Namshukuru Mungu kwa mwenyekiti wa bodi yetu, mama aliyestaafu ualimu, maana asingekuwa yeye ningekuwa bado naandika kama nilivyokuwa nikiandika.

Baruapepe zangu kwake zilikuwa ndefu. Nilianza na historia ya mradi, nikaja kwenye ziara za wataalamu, bei za saruji, maoni ya wazee, hali ya pampu. Niliamini kwamba namheshimu kwa kumweleza kila kitu. Ndani yangu nilikuwa naogopa. Nikisema wazi, "tufanye hivi", na mambo yaharibike, jina langu ndilo lingetajwa. Kwa hiyo nilimwaga habari zote mezani na kumwachia yeye atafute swali liko wapi.

Septemba 2023 nilimwandikia kuhusu bwawa la mchanga. Huku kwetu watu wengi wanalijua: ukuta wa mawe na saruji unaojengwa kukatiza mto wa msimu, ukisimama juu ya mwamba. Mafuriko yanaleta mchanga, mchanga unajaa nyuma ya ukuta, na maji yanajificha ndani yake mbali na jua. Ukuta lazima ujengwe mto ukiwa mkavu, kabla ya mvua za Novemba ambazo Ukambani ndizo tunazozitegemea zaidi. Ombi langu la idhini lilikuwa karibu na mwisho wa barua, ndani ya aya iliyoanza kwa kueleza ubovu wa barabara. Mwalimu aliisoma kwenye simu akiwa safarini, akaona ni ripoti, akaandika, "Asante, endeleeni vizuri." Mimi nikasubiri uamuzi. Yeye hakujua kwamba anasubiriwa.

Mvua zilizokuja mwisho wa 2023 zilikuwa za El Niño. Mto wetu ulijaa ukingo hadi ukingo, na maji yote yakapita. Miezi michache baadaye akina mama walikuwa tena kwenye foleni ya mitungi.

Nilipomweleza Mwalimu kilichotokea, nilitarajia anifukuze, na angekuwa na haki. Aliniita kwake, akanikaribisha chai, akafungua ile barua na kuniambia nimwonyeshe mahali nilipomwomba kitu. Nilitafuta kwa muda. Nilipopaonyesha, alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, siku nyingine niombe kwanza. Halafu nieleze."

Mwaka 2024 niliandika upya. Rasimu ya kwanza ilimwomba aidhinishe fedha, naye akanirudisha kwenye katiba ya mradi: kiasi kile kinapitishwa na bodi, mwenyekiti hawezi peke yake. Nilikuwa namwomba kitu asichokuwa na mamlaka ya kunipa. Alichoweza ni kuitisha kikao. Basi mwisho wa Agosti 2024 nikatuma hii, ambayo tarakimu zake nimezigeuza kidogo ili mradi usitambulike:

"Mada: Uamuzi unahitajika kabla ya Ijumaa 6 Septemba: maji ya msimu ujao

Mwalimu, shikamoo. Naomba uitishe kikao cha bodi kabla ya Ijumaa 6 Septemba, ili iamue tutumie vipi shilingi milioni 2.4 tulizo nazo. Tukichelewa, mafundi hawatamaliza ukuta kabla ya mvua, na njia B itasubiri mwaka mzima.

A. Kufufua kisima kirefu kwa pampu ya sola: milioni 1.9. Maji yanapatikana baada ya wiki chache, lakini yana chumvi. Mifugo wanayanywa, watu hawayapendi.

B. Bwawa la mchanga: milioni 2.3. Maji ni matamu. Lakini huenda likachukua misimu kadhaa ya mvua kujaa mchanga, kwa hiyo mwaka huu tusitarajie mengi. Mto ukileta matope badala ya mchanga, tutakuwa tumejenga ukuta wa bure.

C. Kuendelea kununua maji ya bouza: takriban laki 1.5 kwa mwezi wa kiangazi. Hakuna kinachojengwa, fedha zitaisha.

Napendekeza B. Tumechoma fimbo ya chuma mchangani sehemu kadhaa: mwamba uko karibu, na mchanga ni wa chembe kubwa. Fundi akichimba na kukuta mwamba umepasuka, nitasimamisha kazi na kuja kwenu na A. Makadirio ya fundi nimeambatisha, lakini mnaweza kuamua bila kuyafungua."

Sehemu iliyonisumbua zaidi ilikuwa B. Nilitaka bwawa kwa moyo wote, na rasimu zangu zilionyesha hivyo: A na C zilikuwa na kasoro, B ilikuwa na sifa tupu. Mwalimu aliligundua haraka. Aliniuliza, "Hili la kwako halina ubaya wowote?" Nikalazimika kuandika habari ya matope, na ya kusubiri misimu. Iliniuma kuziandika, lakini wajumbe walipokaa hakuna aliyeshtuka, kwa sababu walikuwa wameshaambiwa. Niligundua pia kwamba nilikuwa napima kila njia kwa kipimo chake: kisima kwa bei, bwawa kwa utamu wa maji, bouza kwa uchovu wa watu. Mtu hawezi kuchagua hivyo. Zote tatu zinahitaji kujibu maswali yaleyale: ni kiasi gani, maji yatafika lini, ni ya aina gani, na nini kinaweza kuharibika.

C niliiweka kwa sababu kutoamua nako kuna bei. Mwaka 2023 hakuna aliyekataa bwawa. Tulichagua C bila kujua, kwa ukimya.

Bodi ilikaa Jumatano. Kikao kilikuwa kifupi kuliko nilivyozoea. Mjumbe mmoja mzee alipinga, akataka A kwa ajili ya ng'ombe wake, na hoja yake ilikuwa nzuri. Wakapitisha B, wakaniagiza nirudi na hesabu ya kisima baada ya mavuno. Ukuta ulikamilika kabla ya mvua.

Sitasema uongo: mvua za mwisho wa 2024 zilikuwa haba. Mchanga ulioshikwa haukufika hata nusu ya ukuta, na maji tuliyoyapata yaliisha mapema. Lakini hakuna aliyeniita mwongo, maana jambo hilo lilikuwa limeandikwa kwenye barua kabla ya jiwe la kwanza. Hofu niliyokuwa nayo kwa miaka, kwamba jina langu litatajwa, ilitimia. Lilitajwa, na watu wakaendelea kufanya kazi nami. Sikustahili subira ya yule mama, wala sikuilipia chochote.

Wewe unayesoma, labda una barua kama ile yangu ya kwanza kwenye rasimu sasa hivi, na kuna mtu anayekuheshimu ambaye ataisoma kwenye simu, ndani ya matatu, mtandao ukikatika. Kabla hujaituma, tafuta ombi lako liko kwenye sentensi ya ngapi. Lipandishe juu, liwekee tarehe, na hakikisha unayemwomba ana uwezo wa kukupa.