Barua kwa Mkufunzi Baada ya Kufeli Vitendo

Ndugu wanafunzi, wengi wenu mkitoka hapa mtakwenda vyuoni, na huko kuna mitihani ya vitendo. Mwaka huu alitujia binti tuliyemfundisha, mwenyeji wa Mbaga, anayesomea uuguzi. Alikuwa amefeli kituo cha kupima shinikizo la damu. Alishuka Same mjini kumwandikia mkufunzi wake baruapepe, akatuonyesha kwanza alichoandika:

"Shikamoo mwalimu. Nimefeli na nimeumia sana. Naomba unisaidie."

Tulimwuliza: mkufunzi atajibu nini hapo? Mkononi ana fomu yenye orodha ya hatua, na mbele ya kila hatua alama ya vema au mkasi. Amepima watu wengi siku moja. Asipokumbushwa mikono yako ilifanya nini, atakujibu tu, "Ongeza mazoezi." Basi tukakaa naye akaandika upya:

"Kichwa: Ombi la mrejesho, mtihani wa vitendo, kituo cha 3

Shikamoo mwalimu. Mimi ni (jina na namba ya usajili). Sikufaulu kituo cha kupima shinikizo la damu. Nilifunga mkanda, nikaweka stetoskopu, nikajaza upepo moja kwa moja hadi 160, kisha nikaufungulia. Nilisikia mdundo wa kwanza kwenye 150. Naomba kujua ni hatua ipi niliikosea, ili niirekebishe kabla ya mtihani wa marudio. Siombi alama zibadilishwe."

Safari hii jibu lilikuwa na faida. Mkufunzi alimweleza kwamba hakutanguliza kupapasa mshipa. Hujazwa upepo huku vidole viko kwenye mshipa. Mapigo yakipotea, husomwa namba ile, upepo hutolewa, kisha hujazwa tena hadi 30 juu yake. Ndipo hushushwa polepole, milimita 2 hadi 3 kwa sekunde.

Sababu yake ni hii. Kwa wagonjwa wengine sauti hukatika katikati, kisha hurudi. Chukueni mgonjwa mwenye 180, ambaye sauti yake hupotea kwenye 170 na kurudi kwenye 150. Ukiishia 160, umeingia ndani ya ukimya ule. Utasikia mdundo kwenye 150 na kuandika 150. Vidole vingekuonya, kwani mapigo ya mshipa huendelea hata sauti ikinyamaza. Mgonjwa wa hatari angerudishwa nyumbani na namba ya uongo.

Tazameni: ile "160" aliyoiandika ndiyo iliyomwezesha mkufunzi kuliona kosa.

Kama unaamini umeonewa, hiyo ni rufaa, nayo ina utaratibu wake na siku zake za mwisho; uliza ofisi ya mitihani. Usiichanganye na ombi la mrejesho katika barua moja, maana msomaji ataanza kujitetea badala ya kufundisha. Na andika mapema, kabla hujasahau mikono yako ilifanya nini.