Sufuri iliyotudanganya: jinsi tulivyopanga upya dodoso letu la maji

Leo hatuandiki habari ya safari wala ya kumbukumbu. Tunaandika habari ya karatasi mbili za maswali, na aibu iliyotupata nazo hapa Nyarugusu.

Tulitaka kwenda kwenye mkutano wa maji na kitu cha mkononi. Kila mara tukisema "watoto wanachelewa shule kwa sababu ya foleni ya bomba", tunaulizwa: wangapi? Basi tukakaa jioni moja, kila mtu akatoa maswali yake, tukayaandika jinsi yalivyokuja. Yakafika 34. Tukaenda kuyajaribu kwenye nyumba 20.

Nyumba ya kwanza tu, mama mmoja alijibu yote kwa upole, halafu akauliza: "Sasa wanangu, nchi yenyewe ni ipi, na tunaondoka lini?" Kumbe alidhani tunaandikisha watu wa kupelekwa nchi ya tatu. Jirani yake alidhani kinyume, eti tunaandika wa kurudishwa, akapunguza idadi ya watu wa nyumba yake. Hatukuwa tumewadanganya. Tulikuwa hatujasema lolote. Swali letu la 1 lilikuwa "Jina lako nani na mko wangapi?"

Kosa la pili lilikuwa baya zaidi, na tuliliona usiku tukihesabu. Tuliuliza, "Wiki iliyopita mtoto alikosa shule siku ngapi kwa sababu ya maji?" Nyumba 9 zilikuwa na 0. Tukafurahi, halafu mmoja wetu akasema: "Ngoja. Huyu namfahamu, binti yake aliacha shule tangu mwaka jana." Tukarudia karatasi moja moja. Katika zile 9, nyumba 5 zilikuwa za watoto wasiosoma kabisa. Hawakukosa siku yoyote kwa sababu hawana shule ya kukosa. Yaani mtoto anayebeba maji kutwa nzima, kwenye hesabu zetu, alionekana ndiye asiye na shida.

Hapo ndipo tulipoanza upya.

Kwanza tulikata kila swali kuwa kikaratasi chake, tukavipanga chini kwenye mkeka. Vinavyofanana vikae pamoja. Zikatoka sehemu nne: A, watu wa nyumba, B, kuchota maji, C, wanavyoiona huduma, D, usalama njiani. Maswali 11 hayakuwa na sehemu, na tulipoulizana "jibu lake tutalifanyia nini?" hakuna aliyejua. Tukayatupa. Yakabaki 23. Sehemu ya usalama tuliiweka mwisho, mtu akishatuzoea. Rasimu iliuliza kama binti amewahi kusumbuliwa akienda bombani, tena mbele ya baba na wajomba. Tuliliondoa. Sisi si washauri, na msichana akifunguka mbele ya watu tungemwacha na matatizo. Badala yake tunauliza, "Je, kuna mahali njiani ambapo watu wa nyumba hii wanaogopa kupita?" Hilo linatosha kuonyesha pa kuweka taa, na mfukoni tunabeba namba ya simu ya msaada kwa atakayeihitaji.

Kisha maelekezo ya kuruka. Sehemu B sasa iko hivi:

B1. Siku 7 zilizopita, maji ya nyumba hii mliyapata wapi zaidi? 1 Bomba. 2 Kisima au mto. 3 Tulinunua kwa wachotaji → nenda B6.
B2. Nani huenda kuchota mara nyingi? 1 Mtu mzima → nenda B5. 2 Mtoto chini ya miaka 18.
B3. Mtoto huyo anasoma? 1 Ndiyo. 2 Hapana → nenda B5.
B4. Katika siku 5 za shule zilizopita, alichelewa au kukosa siku ngapi kwa sababu ya maji?
B5. Mara ya mwisho, foleni ilichukua dakika ngapi?
B6. (Wote) Jana mlipata madumu mangapi ya lita 20? Na ya lita 10?

Angalieni B3. Binti aliyeacha shule hafiki B4. Pale panabaki patupu, na patupu si sufuri. Yeye anahesabiwa kwenye B3, mahali pake.

Namba tulizipa herufi ya sehemu kwa sababu rasimu ya kwanza ilikuwa na "nenda swali la 15", halafu tukaongeza maswali mawili katikati, na 15 ikawa 17. Mshale ukaendelea kuelekeza pa zamani. Sasa ukiongeza swali kwenye A, mishale ya B haisogei. Kuupima mshale hakuhitaji kompyuta. Mmoja wetu anajifanya mzee anayenunua maji, mwingine mama anayechota mwenyewe, mwingine mtoto asiyesoma, mwingine mtoto anayesoma. Kila mmoja anapita mwanzo hadi mwisho. Ukisikia swali lisilokuhusu, mshale umekosewa. Ukiruka B6, pia umekosewa.

Tatu ni mizani. Swali moja lilisema 1 ni nzuri sana, lililofuata 1 ni mbaya sana, jingine lilitaka alama juu ya 10. Tuligundua pale mtu aliyelalamika dakika kumi nzima juu ya foleni alipoipa 5, na usafi wa bomba aliousifu akaupa 5 pia. Sehemu C yote sasa ina mizani moja: 1 mbaya sana, 2 mbaya, 3 wastani, 4 nzuri, 5 nzuri sana. Namba ikipanda, hali ni nzuri, basi. "Sijui" ni 8 na "hakutaka kujibu" ni 9, na hizo mbili haziingii kwenye wastani. Mwulizaji anasoma maneno, si namba.

Mwisho kabisa tuliandika mwanzo. Tunausoma neno kwa neno:

"Shikamoo mama, au baba. Sisi ni vijana wa hapa kambini. Tunauliza kuhusu maji tu, kama dakika 15. Hatuandiki jina wala namba ya kadi. Ukijibu au usipojibu, mgao wako haubadiliki. Hatuandikishi watu wa kurudi wala wa kwenda nchi nyingine. Hatuwezi kuahidi bomba jipya; majibu tutayapeleka kwenye mkutano wa maji, na tutayasoma hapa kijijini. Unaweza kukataa swali lolote au kutusimamisha. Una la kutuuliza? Tuendelee?"

Akisema hapana, tunashukuru na kuondoka. Huo ndio mshale wa kwanza wa dodoso.

Tulirudi kwa yule mama. Alisikiliza hadi mwisho, akanyamaza kidogo. "Kwa hiyo si safari." Tukamwambia, si safari, mama. Tuliona alivyoumia. Halafu akavuta kigoda: "Haya, ulizeni hayo ya maji." Safari hii watu wa nyumba yake walikuwa 6, na madumu ya jana matatu makubwa. Lita 60 kwa watu 6 ni lita 10 kila mtu, wakati viwango vya Sphere vinataka angalau 15. Anayechota ni mjukuu. Hasomi.

B4 tukaiacha tupu.