Walialikwa 60, Wakala 41: Dada wa Msosi Geita na Bili ya Semina Iliyomtoa Jasho

Kuna dada mmoja pale Geita mjini, jina libaki kapuni, ukimwona kwenye picha za bufee unasema huyu maisha kayapatia. Vitambaa vyeupe mezani, sato wa kukaanga wamepangwa kama askari gwaride, yeye mwenyewe pembeni na aproni imenyooshwa pasi. Watu wanakoment moto moto. Kumbe ile picha iliyopata laiki nyingi kuliko zote ndiyo siku aliyorudi nyumbani akiwa na hasara ya shilingi 135,000, na hata hakujua amekula hasara mpaka wiki ilipoisha na mwenye duka la mchele akaanza kupiga simu.

Ilikuwa semina ya siku moja ya wachimbaji wadogo. Mratibu alimpigia, wakaongea kirafiki kabisa: "Dada, watu 60, chai ya saa nne, mchana, na chai ya saa kumi. Kichwa shilingi ngapi?" Dada akatupa 25,000. Mratibu akasema poa, tutamalizana. Hapo ndipo mkataba ulipoishia. Ilibaki meseji moja tu ya Wasap yenye dole gumba.

Usiku wa kuamkia semina ikavuma habari kwamba kuna rashi mpya imelipuka upande wa porini huko. Mtu yeyote aliyeishi ukanda huu anajua rashi ikivuma nini kinatokea. Bodaboda zinaisha stendi, maduka ya sululu yanauza mpaka usiku, na mtu aliyethibitisha kuja semina anakuwa ameshafika kwenye duara kabla ya jogoo. Asubuhi ukumbini wakaja 41. Chakula kimepikwa cha 60.

Mratibu naye hakuwa mtu mbaya. Alichukua karatasi ya mahudhurio, akahesabu sahihi, akalipa watu 41. Shilingi 1,025,000. Akaongeza na asante.

Dada akabeba masufuria ya wali hadi Kahama mkoani Shinyanga, maana ndiko kuliko na mama yake mdogo aliyepikia mashirika na kampuni za migodini miaka mingi. Alienda kulalamika. Mama mdogo hakumpa pole. Alimpa daftari.

"Mwanangu, hebu niandikie hapa ulitumia nini. Usiandike ulichouza."

Akaandika kwanza vile vitu vinavyoliwa. Chai ya maziwa ya asubuhi na chapati, sambusa na yai, kama 2,800 kwa mtu. Mchana kuna wali, sato, nyama ya kuchoma kipande, maharage, mboga, tikiti na soda, 8,500. Chai ya jioni na karanga, 1,500. Maji chupa mbili ndogo, 1,000. Tishu, vijiti vya meno na takataka nyingine, 200. Jumla 14,000 kila kichwa. Dada akatabasamu. Kwamba 25,000 ukitoa 14,000 inabaki 11,000, sasa hasara imetoka wapi?

Mama mdogo akafungua ukurasa wa pili. "Sasa andika vile ambavyo havijui watu wamekuja wangapi." Hapa ndipo wengi wanaoanza biashara ya msosi wanapopigwa, na wanapigwa kimya kimya. Wapishi wawili 50,000. Wahudumu wanne 60,000. Pikapu kwenda na kurudi 70,000. Mkaa na gesi 60,000. Kukodi vyombo vya bufee na vitambaa 80,000. Jumla 320,000. Hii hela inatoka wakija 60 au wakija 10, pikapu haitapunguza bei kwa sababu kuna rashi.

Wakija na kulipa wote 60, ile 320,000 inagawanyika, kila mtu anabeba kama 5,300 na ushee, na dada anabaki na faida ya 340,000. Siyo mbaya kwa siku moja. Lakini alipika kwa ajili ya 60, yaani chakula 840,000 na ile 320,000, jumla 1,160,000 imeshatoka mfukoni. Akalipwa 1,025,000. Tofauti ndiyo ile 135,000.

Kisha mama mdogo akamuuliza swali moja: unahitaji watu wangapi walipe ndiyo usipate hasara? Dada akapiga hesabu, 320,000 gawanya kwa 11,000, akapata watu 30. Akasema mbona 41 ni wengi kuliko 30. Mama mdogo akacheka mpaka akakohoa. Hiyo 30 ni sahihi kama umeambiwa mapema kwamba watu ni 30, ukapika cha watu 30. Ukishapika cha 60 hesabu inabadilika, unagawanya 1,160,000 kwa 25,000, inakuja 46 na kipande. Yaani 47. Chini ya 47, unawalisha watu kwa hela yako.

Basi idadi ya chini ya kulipiwa inatoka hapo. Wateja wengi wakiisikia wanaona ni roho mbaya ya mpishi, na wapishi wengi wanaogopa kuitaja wakidhani mteja atakimbia. Dada akaamua kwamba kwa oda ya 60, idadi ya chini ni 50. Wakija 50 au 35, bili ni ya 50. Idadi ya mwisho inathibitishwa siku tatu kabla, kwa maandishi, kabla hajaenda sokoni. Mteja akisema mapema kwamba watu wamepungua, anapika kidogo na idadi ya chini inashuka. Akinyamaza, chakula kimeshakuwa jikoni.

Tenda ya pili haikuchelewa. Kampuni moja inayotoa huduma kwenye mgodi ilitaka chakula cha mafunzo ya usalama kazini, siku moja, watu 60 vilevile. Safari hii dada akatuma profoma yenye masharti. Jamaa wa manunuzi akapiga simu, sauti nzito: "Dada, 25,000 imesimama sana. Weka 22,000 tufanye kazi."

Zamani angesema sawa bosi. Sasa akaomba dakika kumi, akashika daftari. Kwa 22,000, ili arudishe ile 1,160,000 anahitaji watu 53 walipe, siyo 47. Bei ikishuka, idadi ya chini lazima ipande. Akampigia: "Kaka, 22,000 inawezekana, ila utanilipia watu 56 hata wasipokuja. Au tubaki 25,000 na idadi ya chini 50. Chagua wewe." Ukipiga hesabu, zote mbili zinamhakikishia karibu hela ileile, 1,232,000 au 1,250,000. Jamaa akakaa kimya kidogo, halafu akachagua 25,000.  Angepiga hesabu, angechukua punguzo, watu wote 60 waje au wasije.

Kwenye advansi dada aliomba asilimia 60, yaani 900,000. Hakuitoa hewani. Chakula cha watu 60 ni 840,000, na hiyo ndiyo hela inayotakiwa kabla ya siku yenyewe. Wapishi, wahudumu na pikapu wanaweza kusubiri jioni. Akiomba asilimia 30 tu, anaikopesha kampuni kubwa hela ya sokoni, vituko hivyo. Kwa ofisi za serikali mambo ni tofauti, mara nyingi hazilipi mbele, zinatoa elipiio na malipo yanafuata baadaye. Huko dada hapokei kazi inayozidi mtaji alionao mkononi, na haendi sokoni kwa ahadi ya mdomo. Elipiio kwanza.

Masharti ya kufuta yalimchukua muda kuyapanga, mpaka alipoacha kufikiria adhabu na kuanza kufikiria sokoni anaenda lini. Zaidi ya siku saba kabla, hajanunua kitu, kwa hiyo advansi inarudi yote isipokuwa 50,000 ya kushikilia tarehe, maana kuna mteja mwingine alikataliwa. Kati ya siku saba na tatu ameshachukua mchele, mafuta na soda, vitu ambavyo haviozi lakini hela imelala, hapo anabaki na nusu ya advansi. Ndani ya siku tatu anabaki nayo yote, kwa sababu nyama, samaki na nyanya vimeshawekewa oda. Wakifuta asubuhi ya siku yenyewe, wanalipa ile idadi ya chini nzima. Kuahirisha ni jambo jingine: mara moja tu, taarifa siku tatu kabla au zaidi, advansi inahamia tarehe mpya ndani ya siku 30. Baada ya hapo bei inaangaliwa upya, bei ya mchele huku haikai sehemu moja.

Na kweli wakaahirisha. Siku nne kabla, simu ikaingia: kuna kiongozi anakuja ziara, ukumbi umechukuliwa, wakubwa wote wako barabarani kupokea. Jamaa alikuwa tayari kwa ugomvi. Dada akamsomea kipengele, advansi inahama, hakuna faini. Jamaa akashangaa. Mchele ulikaa stoo wiki mbili, haukulalamika.

Siku ilipofika dada hakungoja karatasi ya mahudhurio. Aliingiza sahani 60 za mchana, zikahesabiwa mbele ya mtu wa kampuni, na baada ya chakula wakahesabu zilizobaki safi. Zilibaki 6. Kwa hiyo wamekula 54, na humo wapo madereva watatu ambao hawakusaini popote. Madereva hawa ndio huwa wanapotea kwenye hesabu za wengi: wanakula vizuri, wanaongeza, lakini kwenye karatasi hawapo. Mtu wa kampuni akasaini "sahani 54" palepale, kabla sahani hazijaoshwa.

Bili 54 mara 25,000, shilingi 1,350,000. Risiti ya EFD ikatoka. Kampuni ikakata kodi ya zuio, ambayo kwa huduma ni asilimia 5, ikaondoka 67,500. Ukitoa advansi, zikaingia 382,500. Mwanzoni angedhani ameibiwa, ila alikuwa ameshauliza kabla ya kutuma profoma, na akadai hati ya makato ili ihesabiwe kwenye kodi yake ya mwaka. Faida kabla ya kodi: 190,000.

Akampigia mama mdogo Kahama kumpa taarifa.

"Na zile sahani sita za chakula?"

"Nimewapa wahudumu wabebe nyumbani."

"Haya. Na ya kwako je, umeishajilipa kama mpishi?"

Dada akanyamaza. Kwenye ile 320,000 kulikuwa na wapishi wawili, na yeye hakuwa mmoja wao. Akachukua kalamu.